Baba na Moja Nukta Mbili

Baba yangu alikuwa mkulima, na asikudanganye mtu kwamba ipo kazi inayokula mwili kuliko kulima matuta ya nyanya kwa jembe la mkono kwenye miteremko ya Ilula. Nilipokuwa mdogo tulimsikia akitoka kabla hakujapambazuka, akikohoa kikohozi kimoja cha kufungua kifua, kisha mlango. Sisi tulimfuata baadaye na chungu cha uji. Tukifika, mgongo wake ulikuwa umeshalowa, na udongo mwekundu umempanda hadi magotini. Alikuwa halimi kwa pupa. Alilima kwa mpigo mmoja, asubuhi hadi jua la utosi, na ukimwambia apumzike anakuambia nyanya hazijui kupumzika.

Na kula! Jamani, baba yangu alikuwa anakula. Mama alimsongea ugali wake peke yake, kwenye sahani yake, kilima kizima, na maharage yenye karanga, na parachichi likiwepo. Alimaliza na kufuta sahani kwa kidole. Sisi watoto tulikuwa tunatazamana. Lakini tumbo hakuwa nalo kabisa, na kila mwaka Mama alimtobolea mkanda tundu jipya kwa msumari wa moto. Ukinikuta natabasamu peke yangu kwenye kiti cha ofisi, mara nyingi nipo pale, kando ya matuta, nimeshika chungu cha uji, namngoja anyooke.

Nyanya hizo ndizo zilizonisomesha. Leo nafundisha lishe kwenye chuo kimoja Mbeya, na katika yote ninayofundisha, lipo somo moja ambalo wanafunzi wanalipita mbio wakidhani ni hesabu ya darasa la tano. Unachukua uzito wa mtu, urefu wake, umri wake na jinsia yake, unapata kiasi cha nishati ambacho mwili wake unatumia ukiwa umetulia tu, moyo unadunda, mapafu yanavuta, ubongo unawaza madeni. Halafu unakizidisha kwa namba ya shughuli zake. Anayeshinda amekaa, moja nukta mbili. Anayejishughulisha kidogo, moja nukta tatu saba tano. Wa wastani, moja nukta tano tano. Wa kazi nzito, moja nukta saba mbili tano. Kazi ya kufa mtu, moja nukta tisa. Jibu lake ndicho kiasi anachotumia kwa siku nzima. Akila zaidi ya hapo ananenepa, akila pungufu anapungua. Basi, somo limekwisha, kengele imelia.

Halijaisha hata kidogo. Uzito unapimwa kwa mizani, urefu kwa ubao, umri upo kwenye kadi. Ile namba ya shughuli haina mizani. Mtu anaulizwa, anajibu, na wewe unaandika. Na kwa kuwa ni namba ya kuzidisha, ukiikosea hukosei padogo. Unazidisha kosa lako kwa moyo, mapafu na ubongo wa mtu, kila siku anayoamka. Hayo nayajua vizuri kuliko nilivyoyasoma, kwa sababu yalipita kwetu.

Baba alipofikisha miaka sitini na sita alikuwa na ngiri. Alikuwa ameificha muda mrefu chini ya suruali pana, mpaka siku Mama alipomwona ameshika kinena akipanda ngazi mbili za kanisani. Tukampeleka Iringa mjini hospitali. Daktari wa upasuaji akamgusa, akasema inafanyika, si jambo kubwa, lakini si kwa mwili huo. Kilo tisini na nne kwa mtu wa urefu wake ni nyingi, na tumbo alilokuwa ameota siku hizo lingeusukuma mshono hadi uachie. Akamtaka apungue kilo nane kwanza. Akaongeza, huku amemkazia macho, kwamba ngiri ya aina ile siku ikikaba utumbo hakuna tena kupanga tarehe, mtu hukimbizwa usiku na wengine hawafiki. Mama alinisimulia hayo kwa simu akilia.

Kwa hiyo ndilo lililokuwa mezani. Baba apungue, au tukae tukingoja siku utumbo utakapokabwa.

Wakampeleka kwa dada wa lishe wa pale pale hospitali, mama mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba. Mimi nilikuwa Mbeya kwenye mitihani ya wanafunzi. Dada yule akampima, akamuuliza, "Baba, unafanya kazi gani?"

"Mkulima."

"Unalima mwenyewe, au?"

"Mwenyewe," akasema Baba, na akamwonyesha viganja. Sugu zake za miaka arobaini zilikuwa pale pale, ngumu, za njano. Nani angebishana na viganja vile? Dada akaandika kazi nzito. Mwili wake ukiwa umetulia ulikuwa unatumia kalori kama elfu moja mia sita sitini na tano kwa siku. Mara moja nukta saba mbili tano, ikaja elfu mbili mia nane na zaidi ya sabini. Akatoa mia tano ili apungue polepole bila kudhoofika. Akampangia chakula cha elfu mbili mia tatu na sabini hivi, akamfafanulia Mama kwa vitu anavyovijua: ugali wa kiasi gani, maharage vikombe vingapi, mafuta vijiko vingapi, ulanzi hapana.

Hiyo ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ilikuwa adhabu hasa. Ilikuwa ni masika, mianzi inatoa, na kila nyumba ukipita unaitwa uonje. Baba akaacha. Nasema akaacha kweli, hata wa kuonja.

Mwezi na nusu baadaye alirudi kupimwa. Alikuwa ameongezeka kilo mbili.

Ee Mungu wangu, siku hiyo! Simu yangu haikupoa. Mdogo wangu wa kiume alipiga kutoka Mafinga akisema mzee anakunywa ulanzi kwa siri, watu wa namna hiyo anawajua. Shangazi akapiga, akasema kaka yake tangu utoto alikuwa na mkono mrefu jikoni. Mama naye, ambaye alikuwa anampimia chakula kwa kikombe kile kile kila siku, akaanza kufunga kabati kwa kufuli. Na Baba, ambaye huniita Mama kama baba wengi wanavyowaita binti zao, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, nimekula nilichopewa. Sijazidisha tonge. Hata wewe huniamini?"

Mimi nina hasira za karibu, hilo wanajua hata wanafunzi wangu. Niliomba ruhusa, nikapanda basi la asubuhi. Nilipita Rujewa nimenuna, nikapita Makambako nimenuna, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa hindi la kuchoma kwa huruma, na hilo nalo nikalila nimenuna. Nilikuwa naenda kumkamata mwizi wa chakula.

Nilikaa jikoni siku mbili. Nilipima mwenyewe ugali wa Mama, nikapima mafuta, nikamtazama Baba akila. Hakuzidisha. Alikuwa anakula kwa utii uliotia uchungu, anafuta sahani kwa kidole kama zamani, anaweka mikono magotini. Nikaichukua hesabu ya dada wa lishe nikairudia mstari kwa mstari. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kutoa kulikuwa sahihi. Chakula sahihi, hesabu sahihi, na mtu ananenepa! Basi kilichobaki ni kimoja tu, ile namba ya shughuli.

Kesho yake nikasema, "Baba, leo nakusindikiza shambani."

"Kuna tope."

"Tope si la leo, Baba. Nimekulia humo."

Hakupenda, lakini alishika njia. Alitoka na jembe begani, amenyooka, akisalimia majirani mmoja mmoja, "Kamwene," na wao wanaitika, "Kamwene." Ukimwona hivyo ungesema ni yule yule. Tukapita nyumba za kanisa, tukakata kona, na pale konani palikuwa na bodaboda inangoja. Dereva hakuuliza kitu. Alichukua jembe akalipachika ubavuni kwa ustadi wa mtu aliyelizoea, Baba akapanda kwa shida akiwa ameshika kinena, na mimi nikatafutiwa pikipiki nyingine.

Shambani kulikuwa na kina mama watano wa kibarua wanapalilia. Baba aliwasalimia, akaenda chini ya mparachichi palipokuwa na kasha tupu la nyanya limepinduliwa. Juu yake palikuwa pamewekwa gunia lililokunjwa, na gunia lilikuwa limeshika umbo la mwili wake. Akakaa. Jembe akalisimamisha pembeni. Mara moja moja alipaza sauti, "Hapo mmeruka!" au "Mche huo usiuguse!" Saa sita bodaboda ikarudi. Alinyanyuka kwa shida, akatumbukiza jembe kwenye udongo uliolowa mara mbili tatu, likachafuka vizuri, tukarudi. Konani alishuka, akaweka jembe begani, akatembea hadi nyumbani amenyooka.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nililitazama lile jembe lenye tope nikashindwa kujua kama nicheke au nilie. Nililia, kidogo, kwa kujificha.

Jikoni nikamwambia Mama, "Ulikuwa unajua."

Mama alikuwa anachambua mnafu. Hakuinua kichwa. "Mume wangu akiwaambia watu analima, mimi ni nani niseme halimi?"

"Mama, atakufa!"

"Ndiyo nikafunga kabati," akasema, na machozi yakamdondokea kwenye mboga. "Nilidhani nikifunga kabati itatosha."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwetu mtoto hamwambii baba yake, wewe hufanyi kazi. Hata awe profesa. Ningeweza kumpigia dada wa lishe kwa siri abadilishe namba, chakula kikapungua, na Baba angeona ananyimwa chakula na wanawe bila sababu. Angekula kwa majirani, na angekuwa na haki. Namba ile ilipaswa itoke kinywani mwake. Lakini wa kuitoa kinywani mwake hakuwa mimi, wala Mama, wala mchungaji.

Alikuwepo mtu mmoja tu. Mzee wa Kingoni, dereva wa malori mstaafu, amejenga nyumba ya tatu kutoka kwetu tangu mimi nasoma msingi. Mhehe na Mngoni ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo mwana hana. Anaingia kwako bila hodi, anachukua kuku wako, anakutukana mbele ya wakwe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Nilimfuata, nikamweleza yote, na namba nikamweleza. Alinisikiliza akikuna kidevu. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo anakula chakula cha mtu anayelima, na hao kina mama wanaolima wanakula nini?" Akacheka, akasema nitangulie.

Jioni tumekaa uani, sauti ikatangulia getini. "Wahehe mpo, au mmekimbia tena?"

"Tukimbie nani, Mngoni?" Baba akachangamka papo hapo. "Karibu. Chukua kiti."

"Kiti? Nikuachie wewe, kiti ndiyo jembe lako. Nasikia umelima ekari mbili ukiwa umekikalia!"

Baba akacheka, lakini alinitupia jicho. Mama akaacha kumenya viazi.

"Halafu nasikia wanakupima kalori," mtani akaendelea. "Wamekosea mtu. Wampime kijana wa bodaboda. Huyo ndiye anayetoka jasho, kukupandisha kile kilima na hilo tumbo na hilo jembe!"

"Mtani, wewe mzee una maneno."

"Mimi nina maneno, wewe una ngiri." Sasa hakuwa anacheka tena, ingawa sauti ilikuwa ile ile ya utani. "Sikiliza, Mhehe. Ukifa, mimi nitakuja msibani. Unajua kazi yangu pale. Nitavaa koti lako. Nitabeba jembe lako nitembee mbele ya watu kifua mbele, nikifika kaburini nakaa kwenye kasha la nyanya, nasema, tazameni, nalima! Watu watacheka mpaka wasahau kulia. Nitafanya, wallahi nitafanya, maana ndiyo haki yangu. Unataka nije lini? Mwaka huu?"

Baba aliangalia viganja vyake muda mrefu, akavigeuza, akavifumba.

"Umeniweza, mtani," akasema. Akainuka akaingia ndani. Yule mzee wa Kingoni alibaki amesimama kidogo. Aliondoka bila kuchukua kuku.

Siku mbili Baba alishinda ndani. Hakwenda shambani, na jembe likabaki kibandani. Niliogopa. Nilijilaumu, nikamlaumu mtani, nikawalaumu waliovumbua kuzidisha. Siku ya tatu akaniita barazani.

"Mama, njoo hapa. Hiyo namba ya mtu anayekaa ni ngapi?"

"Moja nukta mbili, Baba."

"Ya chini kuliko zote?"

"Katika zile tunazotumia, ndiyo."

"Na mgonjwa aliyelala kitandani?"

Nilitaka kudanganya. "Karibu na hapo hapo."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mimi na wa kitandani ni mamoja."

"Si daraja, Baba. Haisemi wewe ni mtu wa namna gani. Inasema tu mwili wako unatumia kiasi gani."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu umesoma. Mimi nilipoulizwa kazi, nilisikia naulizwa kama bado nipo." Akaelekeza kidevu kibandani. "Jembe niliacha kushika msimu wa juzi. Nikiinama, kitu kinashuka, naona giza. Nikasema nitapumzika wiki. Wiki ikazaa wiki. Sikutaka mjue. Mngenipeleka Mbeya nikakae kwenye kochi lako nitazame televisheni, na shamba likauzwa. Mtu anayekaa tu huulizwa anakula kwa kazi gani."

"Baba, nani angekuuliza hivyo? Kila nilichonacho umekilima wewe!"

Ikanitoka kwa nguvu, karibu nipige kelele. Nikakaa chini sakafuni karibu na miguu yake kama nilivyokuwa nakaa zamani. Nilimwambia kwamba namba ile haikuwa ya uongo, ilikuwa ya zamani tu. Yule mtu wa kilima cha ugali na mkanda uliotobolewa alistahili moja nukta tisa, si hiyo saba mbili tano. Lakini mwili hauli kumbukumbu. Unahesabu unachofanya leo. Nikachukua kijiti nikamchorea kwenye udongo pale ukingoni mwa baraza. Mwili wake kwa kilo za sasa, ukikaa siku nzima, unatumia karibu elfu mbili na ishirini. Na chakula alichopangiwa kilikuwa elfu mbili mia tatu na sabini. Kila siku aliyokula kwa utii alikuwa anaweka akiba ya mia tatu na hamsini tumboni. Hakuiba hata tonge.

"Kwa hiyo sikuiba," akasema.

"Hukuiba, Baba."

"Mwambie na mdogo wako. Na shangazi yako."

Tulirudi Iringa wote watatu. Dada wa lishe alisoma uzito akakunja uso, na kabla hajauliza Baba akasema, "Dada, nina jambo. Nikueleze siku yangu." Akaieleza. Ninaamka, nakaa. Natembea hadi konani. Napanda pikipiki. Nakaa kwenye kasha hadi saa sita. Ninarudishwa. Nakula. Nakaa. Jumapili kanisani, nakaa. Alikuwa anatazama ukuta. Mama alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu.

Yule dada akavua miwani akaifuta. Nilimwona anatafuta namna ya kuwa mwema. "Baba, basi tuweke hii ya shughuli kidogo, moja nukta tatu saba tano. Kwa vile unatembea hadi konani."

Nilifungua mdomo. Ile tofauti ndogo ya heshima ingemletea karibu kalori mia tatu kila siku, na kupungua kwake kungekuwa kwa kinyonga. Lakini Baba aliniwahi.

"Kona ni hapo tu. Andika ya kukaa."

Ikawa moja nukta mbili. Wakatoa mia tano, chakula kikawa elfu moja na mia tano hivi. Kilikuwa kidogo, sitaficha. Mama aliongeza mboga za majani hadi sahani ionekane imejaa, mnafu, kabichi, figiri, akapunguza ugali na mafuta, akampa mayai na maharage ili misuli isiliwe. Wiki za kwanza Baba alikuwa anakasirika hata na redio. Mtani alikuja kila jioni kumtukana, na walikuwa wanatembea pamoja polepole hadi barabara kuu, pale wauza nyanya wanapokimbilia mabasi, na kurudi. Kila alipopungua, dada wa lishe alikuwa anaipiga hesabu upya, maana mwili mdogo hata ukitulia unatumia kidogo. Mianzi ikakauka, baridi ya Juni ikapita, na upepo wa Agosti ukaanza kupeperusha vumbi. Alipofika kilo themanini na sita, daktari akampa tarehe.

Alipasuliwa akapona. Wakamkataza kunyanyua kitu kizito kwa miezi, na safari hii alitii bila kuficha. Kasha alilichukua akaliweka mbele ya nyumba, peupe, watu wakipita wanamwona amekaa, anawasalimia.

Miaka imepita. Baba hayupo sasa, moyo ulimchukua akiwa usingizini, miaka mingi baada ya ile ngiri, na mtani alikuja msibani akafanya haki yake yote na tukacheka tukilia. Lakini nikimkumbuka simkumbuki pale. Namkumbuka mwaka uliofuata ule upasuaji, mvua za kwanza, niko darasani Mbeya nafundisha somo hilo hilo, simu ikatetemeka mezani. Huwa sipokei darasani. Nilipoona ni Baba nikatoka nje.

"Mama, upo kazini?"

"Nipo, Baba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Daktari ameniruhusu. Leo nimelima." Alikuwa anahema, nasikia anahema na anacheka. "Tuta moja. Moja tu, nimepumzika katikati. Lakini kwa mkono wangu."

Nilisimama pale kwenye varanda, nikiwaona wanafunzi dirishani wakinikodolea macho. Nilitaka kumpa dunia. Nilitaka kumwambia, Baba, umerudi, tupandishe namba. Lakini ni yeye aliyenifundisha kusema namba ya kweli.

"Baba," nikasema, "tuta moja halibadilishi namba. Bado ni moja nukta mbili."

"Najua, mwanangu," akasema. "Sikupiga kwa ajili ya namba. Nimepiga ujue nimelima."